Sikio limevimba baada ya kuogelea: la nje au la kati?

"Niliogelea Jumamosi, leo siku ya tatu sikio linauma na tundu limevimba. Nina amoksilini nyumbani, ninywe?"

Pole sana. Iache kwanza hiyo amoksilini. Bonyeza kile kinundu cha gegedu kilicho mbele ya tundu, kisha vuta sikio taratibu kwenda juu na nyuma. Ukiruka kwa maumivu, tatizo huenda liko kwenye njia ya nje: maji yamelainisha ngozi na bakteria wakaingia. Maambukizi ya sikio la kati kwa kawaida huja nyuma ya mafua, mara nyingi na homa, na kulivuta sikio hakuongezi maumivu. Kiwambo cha sikio, ile ngozi nyembamba ya ndani, kikipasuka, usaha hutoka na maumivu hupungua ghafla.

La nje hutibiwa kwa matone ya antibiotiki, kwa kawaida siku 7 hadi 10. Vidonge mara nyingi havihitajiki. Tatizo ni uvimbe: njia ikiziba, matone hayafiki ndani, ndipo daktari huingiza utambi mdogo unaoyafyonza. Achunguze pia kiwambo, maana kikiwa na tundu, matone yenye gentamisini yanaweza kudhuru usikivu.

Usiogelee kwa sasa, na pamba za vijiti zitupe (najua zinavyotamanisha sikio likiwasha). Kama una kisukari, au uvimbe umehamia nyuma ya sikio na kulisukuma mbele, nenda hospitali leo hii.