Ukijaribu modeli 12, thamani ya p ya modeli moja haitoshi

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya uchambuzi wa data kwenye miradi ya kilimo hapa Moshi, swali la kwanza nitakalowauliza mkiniletea jedwali lenye nyota ni hili: modeli hii ni ya ngapi? Siulizi kwa kushuku uaminifu wa mtu. Nauliza kwa sababu bila jibu lake, thamani ya p iliyo kwenye jedwali haina maana yoyote ninayoweza kuitumia.

Tuchukue mfano wa kahawa, maana ndiyo kazi tunayokutana nayo zaidi upande huu wa mlima. Takwimu zake nimezitunga kwa ajili ya somo. Kuna vikundi 40 vya wakulima, kuanzia Kibosho hadi Marangu. Kwa kura, vikundi 20 vimepewa mafunzo ya kupogoa mibuni na kudhibiti chulebuni, na 20 vimesubiri. Msimu umekwisha, data imeingia, na mchambuzi anataka kujua kama mafunzo yameongeza mavuno.

Anaanza na kilo kwa mti. Hakuna kitu. Anajaribu kilo kwa ekari, kisha logi ya kilo zote za kaya. Anakumbuka kwamba mbuni ukizaa sana mwaka huu mara nyingi hupumzika mwaka unaofuata, kwa hiyo anaongeza mavuno ya mwaka uliopita kama kigezo cha kudhibiti. Halafu anaona wakulima wenye miti michache sana wanavuruga wastani, anawaondoa. Kila uamuzi una sababu inayoeleweka, na ukimsikiliza utakubali kila hatua. Lakini hesabu njia zilizokuwa wazi mbele yake: vipimo vitatu vya mavuno, mara mbili kwa kuweka au kutoweka mavuno ya mwaka uliopita, mara mbili kwa wakulima wote au wenye miti mingi tu. Hizo ni modeli 12. Moja kati yake, kilo kwa mti yenye kigezo cha mwaka uliopita kwa wakulima wenye miti mingi, imetoa p ya 0.021. Hiyo ndiyo iliyofika kwenye ripoti.

Kama mafunzo hayakufanya lolote na modeli 12 zingekuwa hazihusiani kabisa, uwezekano wa angalau moja kushuka chini ya 0.05 ni 1 − 0.95^12, yaani karibu asilimia 46. Kwa kizingiti cha 0.021 chenyewe unapata karibu asilimia 22. Kwa hiyo ile 0.021 inajibu swali ambalo halikuulizwa: lingekuwa sahihi kama modeli hiyo ingechaguliwa kabla ya kuona data.

Watu wengi wakisikia hivyo hukimbilia Bonferroni: zidisha p kwa idadi ya majaribio. 0.021 mara 12 ni 0.252, na kazi imeishia hapo. Kwa hali hii mimi naona ni ukali uliopitiliza. Bonferroni haijali kama majaribio yanafanana, inajilinda dhidi ya hali mbaya kuliko zote. Modeli zetu 12 ni ndugu wa tumbo moja: data ni ileile, mafunzo ni yaleyale, mavuno ni yaleyale yaliyopimwa kwa njia tofauti kidogo. Kilo kwa mti ikipanda, logi ya kilo mara nyingi hupanda nayo. Majaribio 12 yanayofanana hivi hayakupi nafasi 12 za bahati, yanakupa chache zaidi. Ni ngapi hasa? Hilo hulikisii, unaliuliza kwenye data.

Njia ya kuliuliza ni kurudia msako mzima katika dunia ambayo unajua mafunzo hayakufanya kitu. Unachukua lebo za vikundi 40, nani alifunzwa na nani hakufunzwa, unazichanganya upya kwa kura kama ilivyofanyika mwanzo. Sasa lebo hazina uhusiano wowote na mavuno. Unapitisha modeli zote 12, unachukua p ndogo kuliko zote, unaiandika. Unarudia maelfu ya mara. Mwishoni unahesabu ni mara ngapi msako wa bahati tupu ulitoa p ndogo kama ya kwako au chini yake. Kwa R, kiini chake ni mistari michache:

```r
msako <- function(lebo) {
  min(sapply(modeli, function(m) thamani_p(m, mavuno, lebo)))
}
halisi <- msako(mafunzo)
bandia <- replicate(4999, msako(sample(mafunzo)))
(1 + sum(bandia <= halisi)) / 5000
```

Hapo `mafunzo` ni orodha ya lebo 40, `modeli` ni orodha ya zile modeli 12, na `thamani_p` ni fankisheni unayoiandika wewe, ya kuendesha modeli moja na kurudisha p yake. Ile 1 inayoongezwa juu inawakilisha kura halisi iliyopigwa shambani, ambayo nayo ni mojawapo ya kura zilizowezekana. Tuseme misako bandia 409 kati ya 4999 ilifikia 0.021 au chini. Jibu ni 410 gawanya kwa 5000, yaani 0.082. Hiyo ndiyo p ya msako, na iko mbali na 0.021, tena iko mbali na 0.252. Wazo hili la kutumia p ndogo kuliko zote kwenye data iliyochanganywa lilikuzwa na Westfall na Young mwaka 1993, na hadi leo sijaona njia iliyo wazi zaidi kwa data ya majaribio ya vikundi.

Kuna mambo mawili yanayoharibu hesabu hii bila kelele. La kwanza ni kuchanganya lebo za wakulima badala ya vikundi. Kura ilipigwa kwa vikundi, na wakulima wa kikundi kimoja wanapata mvua ileile na bwana shamba yuleyule. Ukichanganya mkulima mmoja mmoja unavunja mfanano huo, na misako bandia inaonekana tulivu kuliko ilivyo kweli. Kama kura ilipigwa ndani ya kila kata, changanya ndani ya kata pia. Namna ya kujikagua: ukishachanganya kwa vikundi, chukua modeli moja tu na uangalie p zake zote bandia. Takriban asilimia 5 zinapaswa kuwa chini ya 0.05. Ukikuta asilimia 20, makosa sanifu ya modeli yako hayajazingatia vikundi, na inakubidi urekebishe hilo kwanza.

La pili ni kuacha sehemu ya msako nje ya fankisheni. Kama ulitumia utaratibu wa kompyuta kuchagua vigezo vya kudhibiti kwa kutazama vipi vinaimarisha matokeo, utaratibu huo wote lazima uwemo ndani ya `msako`, uchague upya kila mara. Kama ulijaribu kikomo cha miti 100, kisha 150, kisha 200 kabla ya kubaki na 150, basi vikomo vyote vitatu vinaingia kwenye orodha ya modeli. Na kama ulitazama mchoro kwanza ndipo ukaamua modeli, ukaendesha hiyo moja tu, usidhani hesabu yako ni moja. Orodhesha modeli ambazo ungezichagua kama mchoro ungeonekana vingine, uziweke zote. Kwa sababu hiyo nawasihi: tangu siku ya kwanza kila modeli iandikwe kwenye skripti, hata iliyokufa, usiifute. Msako usio na kumbukumbu hauna hesabu inayoweza kuurekebisha. Kinachobaki hapo ni kusubiri msimu mwingine na kuipima modeli ileile moja kwenye data mpya.

Msichanganye hali hii na maswali yaliyo tofauti kweli. Modeli 12 zilikuwa njia 12 za kuuliza swali moja. Lakini mradi ukiahidi mambo matatu, kuongeza mavuno, kupunguza viuatilifu na kuongeza kipato, hayo ni maswali matatu na kila moja linahitaji jibu lake. Hapo njia ya Holm ya mwaka 1979 inatosha na inafanyika kwa kalamu. Panga p kuanzia ndogo: 0.011 kwa mavuno, 0.030 kwa viuatilifu, 0.040 kwa kipato. Ya kwanza zidisha kwa 3, unapata 0.033, imepita. Ya pili zidisha kwa 2, unapata 0.060, imeshindwa, na hapo unasimama. Kipato nacho hakipiti, ingawa 0.040 ikiwa peke yake ingepewa nyota. Ila kila p inayoingia kwenye Holm iwe tayari imerekebishwa kwa msako wa swali lake, la sivyo mnarekebisha juu ya msingi uliooza.

Mipaka ya njia hii muijue. Kuchanganya lebo kunategemea kura. Kama wakulima walijichagulia wenyewe kuhudhuria mafunzo, waliohudhuria wanatofautiana na wengine kwa mengi, na kuchanganya kunafuta pia uhusiano wa mahudhurio na ukubwa wa shamba, elimu na umbali wa barabara. Hapo p ya msako haikulindi dhidi ya upendeleo huo. Tena hata kwenye jaribio la kura, tulichorekebisha ni p peke yake. Makadirio yenyewe hayajarekebishwa. Tuseme modeli iliyoshinda ilionyesha ongezeko la gramu 90 kwa mti, na nyingine tatu zinazopima kilo kwa mti zilionyesha 31, 38 na 54. Ile 90 ilichaguliwa kwa sababu ilitokeza, kwa hiyo kwa wastani inazidisha ukweli. Meneja akiipangia bajeti ya msimu ujao, atapungukiwa.

Ndiyo maana kabla ya msimu kuanza napenda tuchague kipimo kimoja kikuu na tukiandike. Kwa vihamba vya huku ningechagua kilo kwa mti. Mkulima anajua idadi ya mibuni yake, lakini ekari ndani ya kihamba chenye migomba na kahawa pamoja ni makisio tu, na makisio hayo huongeza kelele bila kuongeza habari. Modeli ya kipimo hicho inabaki na p yake ya kawaida, na nyingine zote zinakuwa za ziada.

Kama hilo halikufanyika na msako umeshatokea, andikeni kwenye ripoti hivi: «Tulijaribu modeli 12 zilizoorodheshwa kwenye kiambatisho. Thamani ya p ndogo kuliko zote ilikuwa 0.021, baada ya kurekebisha kwa msako mzima kwa kuchanganya lebo za vikundi mara 4999, ni 0.082.» Kisha wekeni mchoro mmoja wa makadirio yote 12, kila moja na kikomo cha chini na cha juu cha masafa yake ya uhakika, ukiwa umeyabadilisha kuwa asilimia ya wastani wa vikundi vilivyosubiri ili yaweze kulinganishwa. Msomaji ataona mwenyewe kama yote yanaelekea upande mmoja au kama ni lile moja tu lililochomoza.