Wastani wa wiki nne, wiki ya mshahara na sikukuu zinazohama

Swali: "Ninaagiza bidhaa kwa wastani wa wiki nne zilizopita. Wiki ya mshahara zinaniishia, wiki ya kabla ya mshahara zinanilalia. Nimejaribu wiki nane, hali ni ile ile. Nakosea wapi, na sikukuu nizihesabu vipi?"

Tatizo si idadi ya wiki, bali ni kuweka katika wastani mmoja wiki zisizofanana. Mishahara ya mwezi hupishana kwa wiki nne au tano, na pale inapopishana kwa tano, wiki nne za mwisho hazina hata moja ya mshahara, wakati ndipo unapoagiza kwa ajili ya mshahara unaokuja. Mimi nilisimamia ghala karibu mwaka mzima nikimlaumu msambazaji kabla ya kuligundua hilo.

Nilichofanya ni kuacha kuziita wiki kwa namba zake katika mwezi na kuzipa majina kwa umbali wake na siku ambayo fedha huingia mikononi mwa watu: wiki ya mshahara, wiki inayofuata, wiki ya kati, na wiki ya ukata inayotangulia mshahara mwingine. Mzunguko wa wiki tano huwa na wiki mbili za kati. Kila aina niliipa kizidishi chake, ambacho kwangu kilikuwa 1.40, 1.10, 0.80 na 0.70 kwa mfuatano huo.

Tuseme baada ya wiki ya mshahara umeuza katoni 215, 158, 166 na 145, na wiki ijayo ni ya mshahara tena. Wastani wa kawaida unakupa 171. Sasa gawanya kwanza kila wiki kwa kizidishi chake: utapata takribani 195, 198, 208 na 207, ambazo wastani wake ni 202. Huo ndio msingi, yaani mauzo yalivyo baada ya kuondoa athari ya mshahara. Uzidishe kwa 1.40, na makadirio yanakuwa 283, zaidi ya katoni 110 juu ya yale ya kwanza. Katika jedwali la kompyuta, ikiwa mauzo yaliyogawanywa yako safu ya D na vizidishi safu ya E, wiki nne zilizopita zikiwa mstari wa 2 hadi wa 5 na wiki ijayo mstari wa 6, fomula ni hii tu:

```
=AVERAGE(D2:D5)*E6
```

Kupata vizidishi kuna mtego mmoja ulionisumbua. Unagawanya mauzo ya kila wiki kwa wastani wa mzunguko mzima wa mshahara, lakini mzunguko wa wiki tano una wiki moja dhaifu zaidi, hivyo wastani wake hushuka na vizidishi vyake vyote hupanda bila sababu ya kweli. Dawa yake ni kuzifanya zile wiki mbili za kati kuwa moja, kwa kuchukua wastani wake, kabla ya kutafuta wastani wa mzunguko. Kisha kusanya angalau mizunguko sita na uchukue namba ya katikati kwa kila aina ya wiki. Wiki ambayo bidhaa zilikwisha usiitumie, kwa kuwa inaonyesha ulichokuwa nacho na si walichotaka wateja.

Sikukuu inahitaji kizidishi cha pili, na hapa wengi huhesabu mshahara mara mbili. Tuseme mwaka jana sikukuu iliangukia wiki ya mshahara, msingi ukiwa 180, na ukauza 378. Ukigawanya 378 kwa 180 utapata 2.1, lakini sehemu ya ongezeko hilo ni mshahara. Gawanya kwa 180 × 1.40, yaani 252, na kizidishi halisi cha sikukuu kitakuwa 1.5. Sikukuu zinazofuata mwandamo wa mwezi hurudi nyuma kwa takribani siku 11 kila mwaka, hivyo mwaka huu inaweza kuangukia wiki ya kati: 202 × 0.80 × 1.5 ni 242, ilhali kwa 2.1 ungeagiza 424. Kizidishi kilichotokana na sikukuu moja tu mimi hukiamini nusu nusu. Wiki inayofuata sikukuu nayo mara nyingi hulegea kwa sababu watu walikwisha kununua mapema, kwa hiyo ipe kizidishi chake. Vilevile, mwajiri akilipa mapema kwa ajili ya sikukuu, hamisha jina la wiki lifuate fedha, si kalenda.

Kila wiki andika tofauti ya mauzo na makadirio pamoja na alama yake ya kuongeza au kutoa. Wiki za mshahara peke yake zikikosea upande mmoja mara tatu mfululizo, rekebisha kizidishi chake. Aina zote za wiki zikikosea upande huo huo, vizidishi havina kosa. Msingi ndio umehama, na wastani wa wiki nne bado haujaufikia.