Wadogo zangu wa stoo na manunuzi, barua ya madai inaanzia getini

Wiki hii kijana wetu wa stoo kaniletea barua niisaini. Kichwa chake: "YAH: MALALAMIKO MAKALI KUHUSU MZIGO WENU." Ndani kuna aya tatu za masikitiko: tumesononeka, tumevunjwa moyo, tunaomba mlifanyie kazi suala hili kwa uzito wake. Namba ya LPO hamna. Idadi ya kilichoharibika hamna. Tunachotaka tupewe hakimo kabisa. Ni barua ya tatu ya namna hiyo mwaka huu, kutoka kwa vijana watatu tofauti, wote wazuri na wachapakazi. Nimekaa naye mchana mzima tukaiandika upya, na nikaona niwaandikie na ninyi wengine.

1. Soma tailizi kabla hujasaini, siyo kabla hujabandika.

Hapa lazima niwasimulie la kwangu, maana ndilo lililonifundisha, na lilituuma mfukoni.

Nilikuwa na mwaka mmoja kwenye stoo ya mkandarasi hapa Mwanza. Tuliagiza Dar maboksi 240 ya tailizi za sentimita 60 kwa 60. Boksi moja lina vipande vinne, mita za mraba 1.44. LPO ilisema wazi: toni moja, kaliba moja. Mnajua kwa nini. Rangi ya tailizi hubadilika kidogo kila mchanganyo unapoingia tanuru, na ukubwa wake nao hutofautiana kwa milimita chache baada ya kuchomwa, ndiyo maana kiwandani huzichambua na kugonga namba ya toni na ya kaliba ubavuni mwa kila boksi. Ukichanganya toni, sakafu inakuwa na mabaka. Ukichanganya kaliba, mistari haikutani hata fundi awe hodari namna gani.

Lori lilifika saa kumi na moja jioni, wingu limeshuka juu ya ziwa. Dereva akaniambia, "Dada, nisaidie kusaini niondoke, nina mzigo wa kupakia usiku huu." Vibarua walipakua haraka, mimi nahesabu: 240, kamili. Nikasaini dilivari noti pale palipochapwa "imepokelewa kamili na katika hali nzuri", nikagonga muhuri. Ubavu wa boksi sikuutazama hata mmoja.

Siku ya tatu fundi akanipigia. "Dada, hebu njoo ukumbini." Nilifika nikasimama mlangoni. Nusu ya ukumbi ilikuwa nyeupe, nusu ina umanjano wa maziwa yaliyolala. Nikakimbilia stoo kusoma maboksi. 150 yalikuwa na toni moja na 90 nyingine. Kati ya yale 90, maboksi 38 yalikuwa tayari yako chini, saruji imeshakauka.

Kosa la kwanza ni saini. La pili ni kwamba sikuandika kitu siku ile. Nilimsubiri bosi arudi safari, nikaogopa, nikajipa matumaini kwamba rangi itafanana ikishasuguliwa. Siku nane zilipita. La tatu ni barua yenyewe. Nilidai wabadilishe maboksi yote 240, walipe ufundi, walipe saruji, na wasipofanya hivyo ndani ya siku tatu tunakwenda mahakamani. Nilitumia neno "udanganyifu" mara mbili.

Jibu lao lilikuwa na sentensi tatu. Mzigo ulipokelewa katika hali nzuri, saini na muhuri vimeambatishwa. Maelekezo yaliyochapwa juu ya boksi yanasema kagua toni kabla ya kubandika. Tailizi iliyobandikwa imekubaliwa.

Nililia, lakini walikuwa na hoja. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamhesabu mnunuzi kuwa ameukubali mzigo akitamka kwamba ameupokea, au akiufanyia jambo ambalo mwenye mali peke yake ndiye angeufanyia, au akikaa nao muda mrefu kupita kiasi bila kusema anaukataa. Kuigandisha tailizi kwa saruji ni jambo la mwenye mali. Na siku nane za kimya zilinipunguzia nguvu hata kwa maboksi ambayo hatukuyagusa.

Aliyetuokoa nusu ni mzee wetu wa manunuzi, ambaye sasa amestaafu. Hakunifokea. Alichukua barua yangu, akanyanyua kalamu, akauliza, "Kipi hapa bado ni chao?" Maboksi 52 yaliyofungwa. Basi barua yake ikazungumzia 52 tu. Alitaja kifungu cha LPO kinachosema toni moja, akaorodhesha namba mbili za toni zilizokutwa, akaambatisha picha za ubavu wa maboksi, akaomba yabadilishwe. Zile 38 hakuzitaja kabisa. Walikubali ndani ya wiki.

Pigo lingine likaja hapo. Toni ile ya kwanza ilikuwa imebaki maboksi 60 tu ghalani kwao, na kiwanda hakiwezi kukutengenezea tena toni ileile kwa kuombwa. Tukabadilisha 52, tukanunua manane yaliyosalia, tukabaki na pengo la maboksi 30. Ukumbi ulibanduliwa, na vyumba viwili vya juu tukaviwekea toni nyingine, fundi akikatia mpaka chini ya mlango ukifungwa ili jicho lisizione zote mbili kwa pamoja. Maboksi 38 yaliyovunjwa yalikuwa Sh 1,444,000 kabla ya VAT, na ufundi wa mara mbili juu yake. Mwenye nyumba hakulipa hata senti ya hiyo, na alikuwa na haki.

2. Andika kasoro juu ya dilivari noti, kwenye nakala zote, na dereva asaini pembeni ya maandishi yako.

Kama mvua inanyesha na huwezi kufungua maboksi, andika "yamehesabiwa, hayajakaguliwa", kisha kagua kesho yake asubuhi.

3. Kabla ya kuandika barua, uliza lori lilikodiwa na nani.

Hili vijana hawaliulizi. Kama bei yenu ilikuwa ya kufikishiwa saiti, mzigo ukivunjika njiani ni wa msambazaji. Kama mlinunua bei ya ghalani kwake na lori mkalitafuta wenyewe, kwa kawaida sheria inaona mmeshakabidhiwa pale mzigo ulipopakiwa, na kilichovunjika barabarani mnamdai mwenye lori. Lakini toni isiyo sahihi inabaki kuwa kosa la msambazaji hata lori likiwa lenu, kwa sababu boksi lilitoka ghalani likiwa hivyo. Mwaka juzi mdogo wenu mmoja alipoteza wiki mbili akimwandikia msambazaji juu ya maboksi yaliyopondwa na lori tulilolikodi sisi. Mwenye lori alipopata barua hatimaye, alishasahau hata safari yenyewe.

4. Hesabu vipande, usihesabu maboksi.

Sasa turudi kwa kijana wangu wa wiki hii. Yeye getini alifanya vizuri kuliko mimi. Maboksi 120 yalikuja kwa lori la msambazaji, 22 yamebonyea, akaandika, dereva akasaini. Lakini rasimu yake ilidai maboksi 22 mazima. Nikamwambia ayafungue. Katika vipande 88, vilivyovunjika vilikuwa 64, na 24 vilikuwa vizima kabisa. 64 ni sawa na maboksi 16. Ukidai 22, mtu wao akaja akafungua, akakuta vizima 24, hata zile 64 za kweli atazitilia shaka. Barua yako ya mwakani nayo ataisoma kwa jicho hilohilo.

Barua tuliyoipeleka ni hii, namba nimezibadilisha:

"YAH: TAILIZI 60×60 ZILIZOVUNJIKA. LPO 0417, DILIVARI NOTI 2231, ANKARA 1908

Tarehe 12 tulipokea kwa lori lenu maboksi 120 ya tailizi tajwa. Maboksi 22 yalikuwa yamebonyea, na hilo liliandikwa kwenye dilivari noti na kusainiwa na dereva wenu. Tulipoyafungua tarehe 13, vipande 64 vilikuwa vimevunjika, sawa na maboksi 16. Picha na nakala ya dilivari noti zimeambatishwa.

Tunaomba krediti noti ya Sh 717,440, yaani maboksi 16 kwa Sh 38,000, jumla Sh 608,000, pamoja na VAT ya asilimia 18 Sh 109,440. Kama mnayo toni na kaliba ileile, tuko tayari kupokea maboksi 16 badala ya krediti noti, usafiri ukiwa juu yenu, yakifika kabla ya tarehe 24.

Maboksi 104 yaliyobaki tumeyapokea, na Sh 4,663,360 tutailipa kwa tarehe iliyo kwenye ankara. Vipande vilivyovunjika viko stoo kwetu hadi tarehe 24 kwa ukaguzi. Tafadhali tujulisheni kama mtavichukua."

Hamna neno la hasira humo, na halikukosekana kwa sababu ya upole. Anayesoma barua hii kwao ni meneja mauzo, lakini anayetoa krediti noti ni mhasibu, na mhasibu anatafuta namba ya ankara, kiasi na VAT. Asipoziona, barua inalala mezani. Mpelekee nakala yake.

Tazameni pia aya ya kubadilishiwa. Baada ya yale ya ukumbi sijawahi tena kuomba kubadilishiwa kabla ya kuuliza kama toni ipo. Kubadilishiwa tailizi ya toni nyingine ni kununua tatizo lilelile mara ya pili.

5. Lipa kisichobishaniwa.

Ukizuia ankara nzima ya milioni tano kwa ajili ya laki saba, wewe ndiye unageuka mdaiwa, na mzigo unaofuata unasimamishwa.

6. Tunza maboksi matupu mpaka madai yaishe, maana namba ya toni iko kwenye karatasi, haiko kwenye tailizi.

7. Krediti noti ikifika, isome.

Ya kijana wangu ilifika jana. Kiasi kilikuwa sahihi, Sh 717,440, lakini walikuwa wameandika ankara 1980 badala ya 1908. Nilimpa aiangalie bila kumwambia kitu, akaiona kabla hajakaa. Krediti noti isiyotaja ankara yake haitupunguzii deni kwenye vitabu vyao, na marekebisho ya VAT yanakwama pande zote mbili. Amewapigia, wamekubali kuitoa upya, leo mchana anaifuata. Vile vipande 24 vizima ameshavipanga stoo, ameandika namba ya toni juu ya boksi kwa maka pen.