Fimbo ikilowa robo, tenki halina robo

Tenki langu la maji zamani lilikuwa mgongoni mwa lori. Nililinunua kwa watu wanaokata magari chakavu, nikalilaza juu ya vijiguzo viwili vya matofali pale saiti Nzuguni, maana Dodoma ukijenga mwezi wa Septemba bila akiba ya maji unajenga kwa maombi. Ni lile umbo la maboza ya maji: si duara, si boksi, ni duara lililokaliwa na mtu mzito. Shuleni tuliliita duaradufu. Ndani lina upana wa mita 2.10, kimo mita 1.40 na urefu mita 4.20.

Siku ya kumwaga zege la jamvi, fundi aliniuliza asubuhi, "Bosi, maji yapo?" Nikapanda, nikafungua mfuniko, nikazamisha fimbo. Ikalowa sentimita 35. Kimo cha tenki ni sentimita 140, kwa hiyo 35 ni robo kamili. Tenki zima nilijua ni kama lita 9,700, robo yake ni lita 2,400 na kidogo. Tulikuwa na mifuko 80 ya saruji, na fundi huyu anaweka lita 27 na nusu kwa mfuko, jumla lita 2,200. Nikajibu, "Yapo, na yatabaki ya kunawia."

Mfuko wa 60 ulipoingia kwenye mikisa, bomba likaanza kukohoa. Kufika wa 61 tukawa tunakinga matone. Robo ya jamvi ikabaki wazi, jua la saa sita likapiga ukingo wa zege, na boza tulilopigia simu lilipofika ule ukingo ulikuwa umeshakauka. Unganisho lile bado lipo, unaliona sakafuni kama kovu.

Nilimshuku mlinzi kwamba anauza maji usiku. Namwomba radhi hapa kwa mara ya pili. Mwizi alikuwa hesabu yangu mwenyewe.

Ujazo wa tenki zima ndio sehemu rahisi. Ukizidisha upana kwa kimo kwa urefu unapata boksi ambalo tenki lingeingia ndani yake likiwa limegusa pande zote. Duaradufu haijazi pembe nne za boksi hilo. Inachukua sehemu 0.7854 tu, ambayo ni pai gawa kwa nne. Kwangu: 2.10 × 1.40 × 4.20 × 0.7854 = 9.698, yaani mita za ujazo 9 na ushee, au lita 9,698. Aliyeniuzia alisema ni tenki la lita elfu kumi. Hakudanganya sana. Ila pima kwa ndani. Bati la milimita nne tu, ukilipima kwa nje, linakuongezea zaidi ya lita 100 ambazo hazipo.

Kosa langu lilikuwa kwenye kina. Robo ya kimo ingekuwa robo ya maji kama kuta za tenki zingekuwa wima. Za duaradufu hazipo wima. Chini tenki ni jembamba, linapanuka hadi katikati, kisha linabana tena kuelekea juu. Kwa hiyo sentimita za chini kabisa hubeba maji kidogo, na za katikati hubeba mengi. Kwenye tenki langu, sentimita moja ya kina pale katikati ni lita 88. Fimbo ikiwa inasoma sentimita 10 tu, sentimita moja ni lita 45. Nusu ya kimo ndiyo nusu ya maji kweli, kwa sababu juu na chini vinafanana. Popote pengine fimbo inakupotosha: chini ya nusu inakupa matumaini, juu ya nusu inakupunja.

Sasa kuna jambo moja linalorahisisha kila kitu, na mimi lilinichukua jioni nzima kulikubali. Ukitaka kujua tenki limejaa sehemu gani ya ujazo wake, upana hauhitajiki. Chora duara, kisha livute pande zote mbili kama unavyovuta chapati kabla ya kuitandaza kwenye chuma. Kila tabaka la maji, la chini na la juu, linavutika kwa kiwango kilekile. Maji yameongezeka mara moja na nusu, na tenki limeongezeka mara moja na nusu, kwa hiyo sehemu iliyojaa haijabadilika. Kinachohitajika ni kina gawa kwa kimo, basi. Anayejua hesabu ya pipa la duara lililolazwa anajua na ya boza.

Mimi naiweka kwenye jedwali la Excel ya simu. B1 ni upana, B2 kimo, B3 urefu, B4 kina cha maji, vyote kwa mita. Kwenye B5 naandika mstari wa kwanza, unaotoa sehemu iliyojaa. Kwenye B6 wa pili, unaotoa lita.

```
=(ACOS(1-2*B4/B2)-(1-2*B4/B2)*SQRT(1-(1-2*B4/B2)^2))/PI()
=PI()/4*B1*B2*B3*1000*B5
```

Kabla hujaamini, weka kina kuwa nusu ya kimo. B5 lazima itoe 0.5. Ukitumia kikokotoo cha kawaida badala ya Excel na ukapata 28 na kitu, kikokotoo kimewekwa kwenye digrii. Kihamishie kwenye RAD.

Nilipoweka 0.35, B5 ikatoa 0.1955. Asilimia 19 na nusu, si 25. Lita 1,896. Tayari nimepungukiwa na zaidi ya lita 500 na mikisa haijawashwa. Halafu kulikuwa na jambo la pili: bomba la kutolea maji limechomelewa sentimita 8 juu ya sakafu ya tenki, ili tope lisitoke. Maji yaliyo chini ya hapo ni ya tope, hayatoki. Niliweka 0.08, nikapata lita 221. Toa hizo kwenye 1,896, zinabaki 1,675. Gawa kwa 27 na nusu: karibu mifuko 61. Hapohapo bomba lilipokohoa. Mlinzi wangu alikuwa ameketi pembeni nikipiga hesabu hiyo, akasema tu, "Sawa, mzee."

Baada ya hapo nilitengeneza fimbo mpya. Sikuigawa sawasawa, niliikata alama kwa maji, si kwa sentimita. Kwa kimo cha sentimita 140, robo ya maji iko kwenye sentimita 41.7, nusu kwenye 70, robo tatu kwenye 98.3. Ukitaka ya tenki lako, zidisha kimo chake kwa 0.298 upate alama ya robo, na kwa 0.702 upate ya robo tatu. Chini nikaweka alama nyekundu kwenye sentimita 8, kwamba hapa pesa imeisha. Kisha nikaijaribu: nikakausha tenki, nikamimina tenki la plastiki la lita elfu moja lote. Hesabu ilisema fimbo isome sentimita 22 na nusu hivi. Ikasoma 22 na ushee. Nikaridhika.

Hapa kuna onyo, kwa sababu si kila tenki la boza ni duaradufu. Wachomeleaji wengi hawachori duaradufu. Wanakunja bati pande mbili kuwa nusu duara, juu na chini wanaacha bati limelala bapa. Ukiwa barabarani yanafanana, ila kwa vipimo vyangu tenki la namna hiyo lingebeba lita 10,580, karibu lita 900 zaidi. Kuyatofautisha unahitaji tepu na dakika tano. Nenda kwenye uso wa nyuma wa tenki, panda kutoka chini kwa robo ya kimo, pima upana hapo. Kwenye duaradufu upana huo lazima uwe asilimia 86.6 ya upana mkubwa. Kwangu, mita 2.10 inapaswa kushuka hadi 1.82. Ukikuta 1.91 ni lile la bati bapa, na unalihesabu kwa vipande viwili: duara la kipenyo kinacholingana na kimo, pamoja na boksi la katikati. Ukikuta zaidi ya hapo, lina pembe zilizoviringwa tu, linakaribia kuwa boksi. Hilo usilipigie hesabu. Lijaze kwa kitu unachojua ujazo wake, uchonge fimbo alama moja moja. Kazi ya siku nzima, lakini inafanywa mara moja.

Na fimbo izame wima, katikati ya urefu wa tenki. Kijiguzo changu kimoja kilikuwa kimetitia, tenki likainama sentimita 2 kwa kila mita. Huioni kwa macho. Lakini ukipimia mwishoni badala ya katikati, kina kinapotoka kwa zaidi ya sentimita 4, na tenki likiwa nusu hiyo ni kama lita 370. Mfuniko wa tenki langu uko katikati, bahati nzuri. Wako ukiwa pembeni, weka levo juu ya tenki kwanza, uinue upande uliozama. Ukiwa na maji kidogo sana hata katikati hapakusaidii, kwa sababu yote yamekimbilia upande mmoja.

Wiki iliyopita boza lilikuja kunijazia tenki la chini ya ardhi. Umbo lilelile, kimo kilekile cha mita 1.40, nilishalipima siku nyingi. Dereva akazamisha kijiti chake, kikalowa sentimita 105, akasema, "Njiani nimemshushia mtu kidogo, kwa hiyo hapa ni robo tatu. Utanilipa robo tatu ya bei." Nikatoa simu, nikaweka 1.05. Ikaja 0.804. Nikamwonyesha kwamba anajipunja, maana mimi na yeye tutakutana tena hadi mvua za Desemba. Akatazama skrini, akatazama kijiti, akauliza ni mara ngapi ameuza hivyo kabla sijamwambia.