Jibu: Mstari unapanda, lakini je, mwanafunzi naye?

> "Alama zake za hisabati kwa mihula 6 ni 42, 47, 45, 53, 52, 58. Mstari wa mwelekeo unapanda. Nimwambie mzazi ameimarika?"

Subiri kidogo, mwalimu. Mstari huo unapanda alama 2.9 kwa muhula, ila hauonyeshi kama mitihani ilikuwa rahisi zaidi. Kwenye lahajedwali, ukianzia safu mlalo ya 2, weka namba za mihula safu A, alama B, wastani wa darasa C, kisha D iwe B kutoa C. Tuseme wastani ulikuwa 50, 52, 51, 57, 58, 60. Tofauti zinakuwa -8, -5, -6, -4, -6, -2. Sasa andika:

```
=SLOPE(D2:D7,A2:A7)
```

Utapata 0.83 tu, sehemu kubwa ya ule mpando ni ya darasa zima. Halafu futa muhula wa mwisho: mwinuko unashuka hadi 0.5. Muhula mmoja ukiweza kuutikisa mstari hivyo, ushahidi bado mwembamba. Mwambie mzazi kwamba pengo limepungua kutoka 8 hadi 2, lakini muhula wa tano lilirudi 6, kwa hiyo mnangoja muhula mmoja au miwili zaidi. Darasa likibadilika wanafunzi, wastani wake haulinganishiki tena.