Zawadi ya mjomba anayekwenda Hija

Swali: "Mjomba anaondoka mwezi ujao kwenda Hija. Tumpe zawadi gani ya kumfaa huko? Tumefikiria msahafu na chupa ya mafuta ya udi."

Waalaykum salaam. Msahafu ataukuta tele misikitini, na mafuta ya udi hatoyagusa akishahirimia. Mnunulieni ihramu, tena seti mbili, maana moja ikirowa jasho au ikichafuka hana pa kukimbilia.

Chagueni pamba inayofyonza jasho. Poliesta inang'aa dukani lakini jua la Mina halichezewi. Kila shuka iwe na urefu wa mita 2 hivi na upana wa mita 1 na ushee. Mjomba akiwa na kitambi, mpimeni: ya chini izunguke kiuno na ncha zipishane vizuri, la sivyo itafunguka kila akipiga hatua. Pindo lililoshonwa halidhuru. Kinachokatazwa ni vazi lililoshonwa kwa umbo la mwili, kama kanzu au suruali.

Zifueni mara moja kabla ya kumpa, kwa sabuni isiyo na harufu, ili wanga wa kiwandani utoke. Halafu, tafadhalini, msizifukize. Najua kwetu Mombasa nguo ya heshima haitoki nyumbani bila kupita juu ya chetezo, na udi hung'ang'ania pamba. Katika madhehebu yetu ya Shafi, anayetaka kujitia manukato kabla ya kunuia hujitia mwilini. Shuka yenye harufu, akiivua aoge kisha akaivaa tena hali inanukia, inamtia kwenye fidia: mbuzi, au kulisha maskini sita, au kufunga siku tatu.

Kwa hiyo zawadi ya pili iwe vitu visivyonukia: sabuni na mafuta ya mgando ya kupaka mapajani. Wanaume wengi huchubuka hapo, kwa kuwa chini ya shuka hamna chupi na mwendo ni mrefu. Fungueni kopo mnuse wenyewe, msiamini maandishi.

Ongezeni mkanda wa kiunoni wenye mfuko wa zipu. Kushonwa kwake hakuna neno. Kandambili ziwe za kuacha vidole na visigino wazi, pamoja na kifuko cha kuzitia ndani ya Haram, maana zikiachwa mlangoni huzipati tena. Kifuko kingine kidogo ni cha vijiwe vya Muzdalifa: 49 akiondoka Mina tarehe 12, 70 akibaki hadi 13.

Kabla hamjafunga mzigo, muulizeni kundi lake linaanzia wapi. Likianzia Makka, atanuia angani kabla ndege haijapita mikati, basi seti moja aivae kabisa au iwe kwenye begi la mkononi. Likianzia Madina, atahirimia Dhul-Hulaifa, hapo hakuna haraka. Mkasi wa kupunguzia nywele utiwe kwenye sanduku kubwa, sio begi la mkononi. Uwanja wa ndege watauchukua.

Udi mwekeeni wa siku ya kumpokea.