Ujumbe Niliompitishia Mwanangu Chini ya Mlango

Jioni moja ya likizo ya Agosti, mwanangu wa miaka 16 alirudi nyumbani kwetu Lanet saa tatu na nusu usiku, ilhali tulikuwa tumekubaliana saa kumi na mbili. Simu yake haikupatikana, nami nilikuwa nimesimama langoni muda mrefu nikitazama kila matatu iliyoshusha abiria kutoka mjini Nakuru. Alipoingia, hofu yangu yote iligeuka hasira, nikamwambia mbele ya dada yake mdogo kwamba hana faida katika nyumba hii. Alinijibu kuwa afadhali akaishi kwa nyanya yake Njoro, akaubamiza mlango wa chumba chake.

Usiku huohuo niliandika ujumbe kwenye simu, na namshukuru Mungu kwamba sikuutuma. Niliposoma asubuhi, niliona nimeandika, "Samahani kwa niliyosema, lakini na wewe ungepiga simu." Neno hilo "lakini" lilikuwa limeufuta msamaha wote uliotangulia, kwa sababu kijana husoma kinachofuata baada yake na kukihesabu kuwa ndicho ulichokusudia kusema. Chini yake nilikuwa nimeongeza jinsi ninavyojinyima kwa ajili yake. Hayo ni kweli, ila kwa wakati ule yangekuwa deni jingine la kumwekea mabegani, na mtu anayedaiwa hafungui moyo. Niliyafuta yote, nikachukua karatasi na kuandika hivi:

"Jana nilikuambia huna faida katika nyumba hii, tena mbele ya dada yako. Si kweli, na sikupaswa kusema hivyo. Nisamehe. Ningependa kusikia jana ilikuwaje kwako, nami sitakukatiza. Leo kuanzia saa kumi na moja jioni nitakuwa nyuma ya nyumba nikichambua managu. Ukipenda, njoo. Ikiwa leo hujisikii, siku nyingine ni sawa. Chakula chako kiko kwenye hotipoti."

Niliyarudia maneno yangu mabaya kama yalivyotoka kinywani, ingawa mkono ulikuwa mzito. Mzazi anayeandika "kama nilikukosea" humwachia mtoto kazi ya kuthibitisha kwamba aliumizwa. Suala la kuchelewa sikuligusa hata kidogo. Sikuwa nimelisamehe, bali nililiwekea siku yake, kwa kuwa msamaha na karipio vikikaa kwenye karatasi moja, karipio ndilo litakalosomwa. Vilevile sikuuliza "kwa nini", kwa maana swali hilo humfanya kijana ajitetee kabla hajaanza kueleza.

Nilichagua karatasi, nikaikunja na kuipitisha chini ya mlango, kwa sababu najijua: ningetuma kwa simu, ningeshinda nikichungulia kama ameusoma, na asingejibu ningetuma wa pili wenye hasira. Kuhusu managu, nimegundua kwamba mwanangu huongea zaidi tunapoketi ubavu kwa ubavu, macho na mikono yetu ikiwa kwenye kazi, kuliko ninapomweka mbele yangu sebuleni kama mshtakiwa.

Siku ya kwanza hakuja. Nilichambua fungu zima peke yangu, nikanyamaza, jambo lililonigharimu kuliko kuandika. Nilimwita tu dada yake nikamwambia kwamba nilichosema kuhusu kaka yake kilikuwa kosa langu, maana alikisikia.

Ukimya wa siku moja au mbili haukunitia wasiwasi, kwa kuwa chakula kilikuwa kikiliwa. Angeacha kula, au angetamka kwamba hataki kuishi, nisingengoja barua ifanye kazi. Ningeingia chumbani, nikae naye, na kutafuta msaada siku hiyohiyo. Hapa Kenya kuna namba 116 ya Childline, inayopigwa bila malipo wakati wowote, na mzazi pia anaweza kuipiga.

Jioni ya pili alitoka, akavuta kigoda, akachukua shina la managu na kuanza kunyofoa majani bila neno. Alipofika kwenye shina la nne au la tano alisema, "Nilitembea, Mama." Alikuwa amempa rafiki yake sehemu ya nauli, simu ikazimika, naye akaona aibu kumwomba makanga ampandishe bure. Maneno "si ungeazima simu" yalinifika ulimini, nikayameza. Niliuliza tu, "Halafu ikawaje?" Akanieleza jinsi alivyoogopa gizani alipokuwa akifuata barabara kuu, na jinsi alivyofurahi kuona taa ya lango letu kabla ya kunisikia.

Suala la saa tulilizungumza kesho yake, kwa muda mfupi. Aliikariri namba yangu mbele yangu, kisha akakunja noti ya shilingi mia na kuificha ndani ya kava ya simu.